Duara la Mohr kwa mikazo ya udongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yote yanazunguka mfano mmoja, kwa sababu duara la Mohr halieleweki kwa kurukaruka kutoka tarakimu hizi kwenda zile. Chukua nukta moja ndani ya mteremko wa mchanga wenye tope kidogo, kama mita 11 chini ya uso wa ardhi. Tumepewa mikazo ya jumla ifuatayo: bapa la mlalo linabeba mkazo wa kukandamiza wa kilopaskali 210, bapa la wima linabeba 130, na yote mawili yana mkazo wa kukata wa 30. Kanieneo ya maji yaliyomo kwenye vitundu vya udongo ni kilopaskali 40. Udongo wenyewe hauna mshikamano, na pembe yake ya msuguano ni nyuzi 30. Tunataka kujua mikazo mikuu, yaani ile ya mabapa yasiyo na mkato, ni ya kiasi gani na imeelekea wapi, na udongo ukikatika, utakatika kwa pembe gani.

Kwa nini nihangaike na duara wakati mikazo nimeshapewa?

Kwa sababu ulichopewa ni mikazo ya mabapa mawili tu, na udongo haujali mabapa uliyoyachagua wewe. Pale pale kwenye nukta hiyo yanapita mabapa yasiyo na idadi, kila moja kwa mwinamo wake, na kila moja lina mkazo wake wa kukandamiza na wake wa kukata. Bapa la mlalo linaweza kuwa salama kabisa huku bapa lililoinama nyuzi arobaini likiwa linaanza kuteleza.

Christian Otto Mohr, mhandisi Mjerumani, alionyesha mwaka 1882 kwamba ukichora mkazo wa kukandamiza kwenye mhimili wa mlalo na mkazo wa kukata kwenye mhimili wa wima, nukta za mabapa yote hayo zinakaa juu ya duara moja. Karl Culmann alikuwa amekwisha kulitumia duara la namna hiyo mwaka 1866, lakini jina limebaki la Mohr. Ukiwa na nukta mbili za mabapa yanayokutana kwa pembe mraba, duara zima unalo.

Nianze na mkazo wa jumla au nitoe maji kwanza?

Toa maji kwanza. Chembe za udongo zinashikana kwa msuguano, na msuguano unategemea chembe zinavyokandamizana zenyewe kwa zenyewe. Sehemu ya mkazo inayobebwa na maji haisaidii kitu hapo. Kinachobaki baada ya kuondoa kanieneo ya maji ndicho mkazo fanisi, wazo tulilopewa na Karl Terzaghi.

Kwa mfano wetu, bapa la mlalo linabaki na 210 − 40 = 170, na bapa la wima linabaki na 130 − 40 = 90. Mkazo wa kukata haupunguzwi, unabaki 30. Maji hayana uwezo wa kukata wala kuzuia mkato, kwa hiyo hayana fungu la kudai hapo. Nimeona wanafunzi wakitoa 40 kwenye tarakimu zote tatu, wanapata mkazo wa kukata hasi 10, kisha wanaendelea na hesabu bila kushtuka.

Alama za mkato nizipangeje?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo tusimame kidogo.

Katika udongo, mgandamizo ni chanya. Tunafanya hivyo kwa sababu udongo karibu kila mara unakandamizwa, na hakuna anayetaka kubeba alama za kutoa ukurasa mzima. Kwa mkazo wa kukata, kanuni ninayoitumia ni hii: mkazo unaotaka kuzungusha kipande cha udongo kinyume cha mishale ya saa ni chanya, na unaotaka kukizungusha kwa kufuata saa ni hasi.

Chora kijisanduku cha mraba. Katika mfano wetu, mkazo wa kukata ulio upande wa juu wa sanduku unaelekea kushoto, na ulio upande wa chini unaelekea kulia. Weka kidole katikati ya sanduku na ufikirie mishale hiyo miwili inalisukuma: litazunguka kinyume cha saa. Basi nukta ya bapa la mlalo ni (170, +30). Mikazo ya kukata iliyo kwenye kuta za wima lazima ivute kwa kufuata saa ili sanduku lisizunguke kweli, kwa hiyo nukta ya bapa la wima ni (90, −30).

Ukikosea alama, mikazo mikuu itatoka sawasawa bila dosari yoyote. Kitakachoharibika ni mwelekeo: mabapa yote yatainama upande usio wake, kama picha kwenye kioo. Ndiyo maana kosa hili ni baya. Tarakimu zinakubaliana na majibu ya jirani yako, nawe unaridhika.

Mikazo mikuu inapatikanaje?

Unganisha nukta zako mbili kwa mstari. Unapokata mhimili wa mlalo ndipo kitovu kilipo: (170 + 90) / 2 = 130. Kutoka kitovuni hadi nukta ya bapa la mlalo ni hatua 40 kwenda kulia na 30 kwenda juu, kwa hiyo rediasi ni kipeuo cha pili cha 40² + 30², yaani 50. (Ndiyo, nimezichagua makusudi zitoke vizuri.)

Mkazo mkuu mkubwa ni 130 + 50 = 180, na mkazo mkuu mdogo ni 130 − 50 = 80. Hizo ni nukta mbili ambapo duara linakata mhimili wa mlalo, yaani mabapa ambayo hayana mkazo wa kukata hata kidogo. Angalia kwamba 180 ni kubwa kuliko 170 ya bapa la mlalo, na 80 ni ndogo kuliko 90 ya bapa la wima. Ni lazima iwe hivyo. Ukipata mkazo mkuu mkubwa ulio chini ya mkazo fanisi wowote ulioanza nao, umekosea hesabu.

Na mwelekeo wake? Mimi huchanganyikiwa na pembe maradufu.

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni ya hesabu. Kwenye duara, pembe iliyo kati ya nukta ya bapa la mlalo na nukta ya mkazo mkuu mkubwa ina tanjenti ya 30 / 40, yaani nyuzi 36.9. Pembe yoyote inayopimwa kitovuni mwa duara ni maradufu ya pembe iliyo ardhini, kwa hiyo ardhini ni nyuzi 18.4. Bapa la mkazo mkuu mkubwa limeinama nyuzi 18.4 kutoka mlalo. Njia hii haiko wazi kuhusu jambo moja: limeinama kwenda upande gani?

Kwa sababu hiyo mimi napendelea njia ya pili, ya ncha. Anzia kwenye nukta ya bapa la mlalo, (170, 30). Chora mstari unaofuata mwelekeo wa bapa hilo lenyewe lilivyo ardhini. Bapa ni la mlalo, basi mstari nao ni wa mlalo. Unakata duara tena kwenye (90, 30), na hapo ndipo ncha ilipo. Hakikisha kwa nukta ya pili: kutoka (90, −30) chora mstari wa wima, kwa kuwa bapa lake ni la wima. Nao unaishia (90, 30). Mistari miwili ikikubaliana, alama zako ziko sawa. Isipokubaliana, rudi kwenye kijisanduku.

Raha ya ncha ni kwamba mstari wowote unaotoka hapo kwenda nukta yoyote ya duara unaonyesha mwinamo halisi wa bapa lenye mikazo hiyo. Hakuna kugawa kwa mbili. Kutoka (90, 30) kwenda (180, 0) unashuka 30 kwa kila 90 za kwenda kulia, kwa hiyo bapa la mkazo mkuu mkubwa linashuka kwenda kulia kwa nyuzi 18.4. Kutoka ncha kwenda (80, 0) mstari una mwinamo wa nyuzi 71.6, na hizo mbili zinakutana kwa pembe mraba kama inavyotakiwa.

Jibu lilingane na akili ya kawaida pia. Upande wa juu wa sanduku unakandamizwa kwenda chini na unasukumwa kwenda kushoto. Basi nguvu inakuja kutoka juu kulia, na mhimili wa mkazo mkuu mkubwa unalalia kulia kwa juu. Bapa lililo mraba nao lazima lishuke kwenda kulia. Ndivyo tulivyopata.

Naweza kuifanya kwenye Excel?

Unaweza. Weka mkazo wa bapa la mlalo kwenye B1, wa bapa la wima kwenye B2, na mkato wa bapa la mlalo pamoja na alama yake kwenye B3:

```
=(B1+B2)/2+SQRT(((B1-B2)/2)^2+B3^2)
=(B1+B2)/2-SQRT(((B1-B2)/2)^2+B3^2)
=DEGREES(0.5*ATAN2(B1-B2,2*B3))
```

Mstari wa tatu unatoa pembe ya bapa la mkazo mkuu mkubwa kutoka mlalo, na kwa kanuni yetu ya alama, jibu chanya maana yake limeinama kwa kufuata saa. Usitumie `ATAN` ya kawaida: mkazo wa bapa la wima ukiwa mkubwa kuliko wa bapa la mlalo, itakupa bapa la mkazo mkuu mdogo bila kukuonya. Tena, `ATAN2` ya Excel inataka mlalo kwanza kisha wima, ilhali lugha kama Python zinataka wima kwanza. Nilipoteza jioni nzima kwa jambo hilo, nikihamisha hesabu kutoka moja kwenda nyingine.

Je, udongo huu umeshakatika?

Bado. Kanuni ya Coulomb, ya karne ya 18, inasema bapa linateleza pale mkazo wa kukata unapofikia mshikamano ukijumlishwa na mkazo fanisi wa kukandamiza mara tanjenti ya pembe ya msuguano. Kwenye mchoro huo ni mstari. Kwetu sisi unaanzia sifuri kwa sababu hakuna mshikamano, na unapanda kwa nyuzi 30. Duara likiwa chini ya mstari, udongo umesimama. Likiugusa, umekatika. Duara haliwezi kuuvuka mstari, kwa hiyo ukiona limevuka kwenye karatasi yako, umechora hali ambayo udongo ule hauwezi kuibeba.

Mstari unaoanzia sifuri na kuligusa duara letu una pembe ambayo sain yake ni rediasi kugawanya kwa kitovu: 50 / 130 = 0.385, sawa na nyuzi 22.6. Udongo unatumia nyuzi 22.6 za msuguano kati ya 30 ulizo nazo. Ukigawanya tanjenti ya 30 kwa tanjenti ya 22.6 unapata 1.39, ambayo ndiyo akiba iliyopo kwenye nukta hiyo. Nasema kwenye nukta hiyo tu. Usalama wa mteremko mzima ni hesabu nyingine.

Nini kitaukatisha?

Kwa mteremko, mara nyingi ni maji. Mvua ndefu ikinyesha, maji yanapanda ndani ya ardhi, kanieneo inaongezeka, lakini uzito wa udongo ulio juu haubadiliki sana. Tuchukulie mikazo ya jumla imebaki vilevile, 210, 130 na 30. Rediasi inabaki 50, kwa kuwa maji yanatolewa sawasawa pande zote mbili. Kitovu cha jumla ni 170, na kitovu fanisi ni 170 kutoa kanieneo ya maji. Yaani duara halikui. Linasogea kushoto tu, likielekea mahali ambapo mstari wa nguvu ya udongo uko chini zaidi.

Litaugusa mstari pale rediasi itakapokuwa kitovu mara sain ya 30. Sain ya 30 ni nusu, kwa hiyo kitovu lazima kiwe 100, na kanieneo ya maji iwe 70. Imetoka 40 ikafika 70, sawa na maji kupanda kama mita 3 hivi. Wakati huo mkazo mkuu mkubwa fanisi ni 150 na mdogo ni 50. Uwiano wake ni 3, ambao ndio hasa uwiano wa juu kabisa ambao udongo wa nyuzi 30 usio na mshikamano unaweza kuuvumilia.

Hili ndilo jambo linalowashangaza wengi mara ya kwanza: hakuna mzigo ulioongezwa juu ya mteremko, na mkazo wa kukata haujaongezeka hata kilopaskali moja.

Bapa la kukatika liko pembe gani?

Linakaa nyuzi 45 pamoja na nusu ya pembe ya msuguano, yaani 45 + 15 = 60, likipimwa kutoka bapa la mkazo mkuu mkubwa. Ukipima kutoka mwelekeo wa mkazo wenyewe, ni 45 − 15 = 30. Vitabu vingine vinatumia kipimo cha kwanza, vingine cha pili, na mtu akichanganya anapata bapa lililolala pale linapotakiwa kusimama.

Kosa la pili ni kusahau kwamba bapa la mkazo mkuu mkubwa si la mlalo. Nyuzi 60 zinahesabiwa kutoka mlalo pale tu ambapo hakuna mkato kwenye bapa la mlalo, kama kwenye kipimo cha mgandamizo wa pande tatu maabara. Kwetu bapa hilo linashuka nyuzi 18.4 kwenda kulia. Ukizunguka nyuzi 60 kinyume cha saa kutoka hapo unapata bapa linalopanda kwenda kulia kwa 41.6. Ukizunguka 60 kwa kufuata saa unapata linaloshuka kwenda kulia kwa 78.4.

Thibitisha kwa ncha. Duara likiwa limesogea hadi 100, ncha nayo imesogea na kuwa (60, 30). Nukta ya mgusano wa juu ni (75, 43.3). Kutoka ncha unakwenda 15 kulia na 13.3 juu, na tanjenti hiyo ni ya nyuzi 41.6. Nukta ya mgusano wa chini ni (75, −43.3): 15 kulia na 73.3 chini, nyuzi 78.4. Njia mbili, jibu moja.

Kwa nini lisikatike pale mkato ulipo mkubwa kabisa, kileleni mwa duara?

Kwa sababu kinachoamua ni mkato ukilinganishwa na mkandamizo unaoushikilia. Kileleni mkato ni 50, lakini mkandamizo ni 100. Nguvu iliyopo ni 100 mara tanjenti ya 30, yaani 57.7. Bado kuna nafasi. Kwenye nukta ya mgusano mkato ni mdogo zaidi, 43.3, ila mkandamizo nao umeshuka hadi 75, na nguvu iliyopo ni 43.3 hasa. Hapo hakuna kilichobaki.

Nikitumia mikazo ya jumla kwenye udongo wa mfinyanzi, mbona napata nyuzi 45?

Mfinyanzi uliojaa maji ukipakiwa haraka, maji hayapati muda wa kutoka. Ukichora maduara ya mkazo wa jumla yanakuwa na rediasi moja, mstari unaoyagusa ni wa mlalo, na pembe ya msuguano inaonekana kuwa sifuri. 45 na nusu ya sifuri ni 45. Hesabu hiyo inafaa kwa kukadiria nguvu, lakini usiiamini kwa pembe. Chembe zinaendelea kufuata mkazo fanisi, na bapa linaloonekana kwenye kipande kilichokatika huwa linasimama zaidi ya nyuzi 45.

Nimepima pembe kwenye kipande cha maabara, haikutoka 60. Nani amekosea?

Huenda hakuna. Kwanza, kipande kingine hakina bapa lolote la kupima. Mchanga uliolegea na mfinyanzi laini hutuna katikati kama pipa. Pili, pembe ya 45 na nusu ya msuguano inatokana na mikazo peke yake. Udongo uliobanana unapokatika pia unavimba, na mwendo wake unafuata pembe ya uvimbaji, ambayo ni ndogo kuliko ya msuguano. Mtafiti Roscoe alipendekeza mwaka 1970 kwamba bapa lifuate 45 na nusu ya pembe ya uvimbaji. Vipimo vya mchanga huangukia kati ya majibu hayo mawili. Kwa msuguano wa 30 na uvimbaji wa, tuseme, nyuzi 6, bapa linaweza kuwa popote kati ya 48 na 60.

Kwa hiyo mimi sikadirii pembe ya msuguano kwa kuweka kipimapembe kwenye kipande kilichokatika. Msuguano nautafuta kwa maduara ya vipande vitatu vilivyovunjwa kwa mikandamizo tofauti, halafu natazama pembe ya kipande ili kujua kama kilikatika kwa ufa wa zamani uliokuwamo tangu kilipotolewa ardhini. Ufa wa namna hiyo unajulikana kwa uso wake laini unaong'aa, na kipande chenye nao nakitenga. Duara lake linaupima ufa, haliupimi udongo uliouzunguka.